Jina Lile Lile, Filamu Nyingine: Namna ya Kutofautisha Mwendelezo, Toleo Jipya, Tawi na Filamu Iliyotokana na Kitabu

Miaka kadhaa iliyopita nilimpelekea muuza filamu wa mtaani flashi yangu na kumwomba aniwekee filamu ya Kihindi iitwayo Don, ya kwanza na ya pili. Aliniwekea faili mbili, nikalipa, nikaondoka. Usiku ule tulikaa sebuleni tukatazama ya kwanza, ambayo stelingi wake alikuwa Amitabh Bachchan, kisha tukaingia ya pili bila kupumzika, na humo stelingi akawa Shah Rukh Khan. Hazikupita dakika kumi kabla shangazi yangu hajauliza, "Huyu Don si alikwisha kufa, tena yule polisi akamzika mwenyewe kwa siri?" Hakuna aliyeweza kumjibu. Muuza filamu hakuwa amenidanganya, kwa kuwa faili ya kwanza kweli iliitwa Don na ya pili kweli iliitwa Don 2. Tatizo ni kwamba ya pili haikuwa mwendelezo wa ile ya kwanza aliyonipa, bali ya filamu nyingine kabisa yenye jina hilohilo.

Mwongozo huu unaeleza hatua ambazo zingeniepusha na mkanganyiko ule. Mfano wangu mkuu utakuwa huohuo wa Don, kwa sababu ndani ya jina hilo moja kuna karibu kila aina ya udugu unaoweza kuwapo kati ya filamu na filamu. Namwonya msomaji mapema kwamba siwezi kueleza tofauti zake bila kutaja miisho, kwa hiyo asiyeitazama na anayetaka kuitazama bila kujua mwisho aanze kwanza na filamu, kisha arudi hapa.

Kabla ya hatua zenyewe, tukubaliane juu ya maneno manne. Mwendelezo ni filamu inayochukua wahusika pale walipoachwa na kuwasogeza mbele. Toleo jipya ni hadithi ileile iliyosimuliwa tena tangu mwanzo na waigizaji wengine, na halifanani na filamu ya zamani iliyosafishwa picha na sauti, kwa kuwa hiyo ya kusafishwa inabaki kuwa filamu ileile. Tawi ni filamu inayomchukua mhusika ambaye kwingineko alikuwa wa pembeni na kumfanya mwenye hadithi. Filamu iliyotokana na kitabu inaeleweka kwa jina lake, ingawa, kama tutakavyoona, ndiyo inayosumbua zaidi kuitenganisha na toleo jipya.

Hatua ya kwanza: usiseme jina bila mwaka, mwongozaji na lugha

Jina la filamu peke yake halitoshi kuitambulisha, kama vile jina Juma lisivyotosha kumtambulisha mtu katika mtaa wenye akina Juma sita. Ukiwa na mwaka, mwongozaji na lugha, tayari umekwisha kuondoa sehemu kubwa ya makosa.

Tazama jina la Don. Ipo Don ya Kihindi ya mwaka 1978, iliyoongozwa na Chandra Barot, mtu aliyekulia Tanzania kabla ya kuhamia India. Ipo Don ya Kihindi ya mwaka 2006, iliyoongozwa na Farhan Akhtar. Ipo Don ya Kitelugu ya mwaka 2007, ambayo mwigizaji wake mkuu ni Nagarjuna, na ipo Don ya Kitamil ya mwaka 2022, ambayo mwigizaji wake mkuu ni Sivakarthikeyan. Hizi mbili za mwisho hazihusiani kabisa na zile za Kihindi wala zenyewe kwa zenyewe, na ile ya 2022 ni hadithi ya kijana wa chuo na ukorofi wake, wala si ya jambazi anayesakwa na polisi wa nchi kadhaa. Jina "don" ni neno tu la kumwita mkubwa wa wahalifu, na mtu yeyote anaweza kulitumia.

Lugha ina umuhimu wa pekee katika filamu za India, kwa sababu filamu za Kitelugu na za Kitamil huingiziwa sauti za Kihindi na kupewa majina mapya ya kuuzia. Don ya Nagarjuna, ilipoingiziwa sauti za Kihindi, ilienezwa kwa jina la Don No. 1. Mtu akiikuta namba hiyo dukani ataamini kwamba ndiyo sehemu ya kwanza ya Don 2, ilhali hapo namba moja ni sifa tu ya mwenye jina. Kwa hiyo ukiona midomo ya waigizaji haiendi sambamba na maneno, jua kwamba jina unalolisoma kwenye faili huenda si jina la asili, na utafute kwanza jina la asili kabla ya kuuliza lolote jingine.

Hatua ya pili: uliza kama yaliyotokea kule yanakumbukwa huku

Hili ndilo swali linalotenganisha mwendelezo na toleo jipya, na kwa maoni yangu lina uzito kuliko maswali mengine yote yakiwekwa pamoja. Katika mwendelezo, mambo ya filamu iliyotangulia yamekwisha kutokea: waliokufa wamekufa, waliofungwa wako gerezani, waliopendana au kusalitiana wanakumbuka. Katika toleo jipya hakuna kilichotokea bado, kwa hiyo watu wanakutana kwa mara ya kwanza, na yule uliyemwona akifa anatembea akiwa mzima kwa kuwa siku yake ya kufa haijafika.

Tulitumie swali hili kwa Don. Katika filamu ya 1978, iliyoandikwa na Salim Khan na Javed Akhtar, Don ni kiongozi wa wahalifu ambaye anakufa mapema baada ya kufukuzwa na polisi. Ofisa wa polisi D'Silva anauficha ukweli wa kifo hicho, anamzika, kisha anamtafuta Vijay, mwimbaji fukara wa mitaani anayefanana naye kama pacha, na kumpenyeza katika genge akijifanya Don. Baadaye D'Silva anauawa, na Vijay anabaki bila shahidi wa kusema kwamba yeye si mhalifu. Mwishoni Vijay anathibitisha kuwa hana hatia. Don wa kweli yuko kaburini tangu mwanzo wa filamu.

Sasa ingia filamu ya 2006. Don anafukuzwa tena, polisi anampata mtu anayefanana naye tena, na mwanamke aitwaye Roma anaingia tena katika genge ili kulipiza kisasi cha kaka yake. Hakuna mhusika anayekumbuka kwamba haya yaliwahi kutokea. Jibu la swali letu ni hapana, kwa hiyo hili ni toleo jipya, na watunzi wa 1978 wametajwa tena kwa hadithi yao. Lakini Farhan Akhtar, ambaye ni mtoto wa Javed Akhtar, hakuinakili hadithi ya baba yake mpaka mwisho. Katika filamu yake aliyekufa ni Vijay, na yule tuliyedhani ni Vijay maskini alikuwa Don mwenyewe muda wote. Aidha, ofisa De Silva, ambaye katika filamu ya zamani alikuwa mtu mwadilifu aliyekufa kazini, safari hii anageuka kuwa ndiye Vardhan, adui mkubwa aliyejificha nyuma ya vazi la polisi.

Mwisho huo ndio unaolijibu swali la shangazi. Don 2 ya mwaka 2011 inaanza na Don aliye hai na huru, Roma aliyekwisha kuwa ofisa wa polisi wa kimataifa na mwenye kinyongo naye, na Vardhan aliye gerezani Malaysia, akiigizwa na Boman Irani yuleyule aliyekuwa De Silva mwaka 2006. Kila kimoja kati ya hivyo vitatu kinaikumbuka filamu ya 2006 na kinapingana na ile ya 1978, kwa kuwa katika ile ya zamani hakuna Don aliyebaki hai wa kuwa na sehemu ya pili. Kwa hiyo mpangilio sahihi ni kwamba Don ya 2006 ni toleo jipya la Don ya 1978, na Don 2 ni mwendelezo wa Don ya 2006 peke yake. Aliyetazama ya 1978 kisha akaruka mpaka 2011 ameruka daraja.

Ikiwa filamu iko mbele yako na huna mtandao, jibu la swali hili hupatikana mara nyingi katika robo saa ya kwanza. Sikiliza kama wahusika wanatambulishana au wanarejelea jambo ambalo hukulishuhudia. Sikiliza pia sauti ya msimulizi ikiwa ipo, kwa sababu miendelezo mingi hutumia dakika za mwanzo kumkumbusha mtazamaji yaliyopita. Tazama waigizaji, lakini kwa tahadhari: mwigizaji yuleyule katika nafasi ileile ni dalili nzuri ya mwendelezo, na mwigizaji tofauti katika nafasi ileile ni dalili ya toleo jipya, ingawa kuna waliobadilishwa katikati ya mfululizo kwa sababu za mikataba au afya.

Kuna dalili moja ambayo usiiamini kabisa, nayo ni nyimbo. Wimbo wa Khaike Paan Banaraswala, ambao Kishore Kumar aliuimba katika Don ya 1978, umo pia katika Don ya 2006 ukiwa umepigwa upya na kuimbwa na Udit Narayan. Watu wengi wa rika la wazazi wetu huitambua filamu ya Kihindi kwa nyimbo zake kabla ya jina, na kwa filamu nyingine njia hiyo haina kosa, lakini matoleo mapya huzirudisha nyimbo za zamani makusudi ili kuwavuta watu haohao.

Hatua ya tatu: usiiamini namba, wala usilidharau jina lisilo na namba

Namba mbili inamwahidi mtazamaji kwamba hadithi inaendelea, lakini mara nyingi ahadi hiyo ni ya muuzaji wala si ya mtunzi. Aashiqui ya mwaka 1990 ilihusu mapenzi ya Rahul na Anu, na nyimbo zake zilipendwa mno. Mwaka 2013 ilitoka Aashiqui 2, yenye wahusika wengine, waigizaji wengine na hadithi nyingine ya mwimbaji anayezama katika ulevi wakati mpenzi wake anapanda chati. Hakuna mhusika hata mmoja aliyehamia kutoka ya kwanza. Ukiiuliza swali la hatua ya pili, hakuna kinachokumbukwa, na wala hadithi haijarudiwa, kwa hiyo si mwendelezo na si toleo jipya. Filamu ya namna hii imeazima jina na mvuto wa nyimbo za mapenzi, na unaweza kuitazama bila kuiona iliyotangulia na usipungukiwe na chochote.

Jina la Hera Pheri linaonyesha mtego uleule kwa upande wa pili. Hera Pheri ya mwaka 1976, ya Amitabh Bachchan na Vinod Khanna, haihusiani na Hera Pheri ya mwaka 2000, ya Akshay Kumar, Sunil Shetty na Paresh Rawal, japokuwa majina yao yanafanana herufi kwa herufi. Hiyo ya 2000 kwa hakika ni toleo jipya, lakini la filamu ambayo jina lake halifanani nayo hata kidogo, yaani Ramji Rao Speaking ya mwaka 1989, iliyotengenezwa kwa Kimalayalam. Kisha Phir Hera Pheri ya mwaka 2006 ikawa mwendelezo halisi wa ile ya 2000, kwa kuwa inawakuta watu walewale watatu wakiwa matajiri kwa fedha walizozipata mwishoni mwa filamu iliyotangulia. Katika majina manne haya, mawili yanayofanana kabisa si ndugu, na mawili yasiyofanana kabisa ni ndugu wa damu.

Lipo pia jambo ambalo Wahindi hawalifanyi sana lakini Wamarekani wamelizoea, nalo ni kuupa mwendelezo jina lilelile la filamu ya kwanza bila namba yoyote. Filamu ya kutisha ya Halloween ilitoka mwaka 1978. Mwaka 2007 ikatoka Halloween nyingine, ambayo ni toleo jipya. Mwaka 2018 ikatoka Halloween ya tatu kwa jina hilohilo, na mtu aliyeichukulia kuwa toleo jipya jingine angekosea, kwa kuwa humo Jamie Lee Curtis anarudi katika nafasi yake ya zamani, akiwa mwanamke mzee anayekumbuka usiku wa miaka 40 iliyopita. Ni mwendelezo wa filamu ya 1978 tu, na kwa makusudi imezitupa zile zote zilizotengenezwa katikati, pamoja na habari kwamba muuaji alikuwa kaka wa mwanamke huyo, ambayo katika filamu hii inatajwa kama uvumi wa watu. Ukikutana na jina lilelile bila namba, basi, tazama kwanza kama kuna mwigizaji wa zamani aliyezeeka ndani ya nafasi yake. Akiwapo, na akikumbuka, umeshika mwendelezo.

Hapa kwetu namba ina maana nyingine tena. Filamu nyingi za Kitanzania za enzi za kanda na diski ziliuzwa zikiwa zimekatwa mara mbili, diski moja ikiandikwa sehemu ya kwanza na nyingine sehemu ya pili, ilhali ilikuwa hadithi moja iliyopigwa kwa wakati mmoja. Hiyo haikuwa mwendelezo, ilikuwa nusu. Dalili yake ni kwamba sehemu ya kwanza hukatika katikati ya jambo, pengine mlango ukiwa umegongwa na anayegonga hajaonekana.

Hatua ya nne: uliza hadithi sasa ni ya nani

Tawi ni rahisi kulitambua ukishajua la kutafuta, lakini ni rahisi vilevile kulikosa kwa kuwa mara nyingi jina lake halina hata neno moja la jina la mti lilikochipuka. Filamu ya Baby ya mwaka 2015, iliyoongozwa na Neeraj Pandey, inahusu kikosi cha siri cha kupambana na magaidi, na mwenye hadithi ni ofisa Ajay, anayeigizwa na Akshay Kumar. Ndani yake kuna mwanamke anayeitwa Shabana, anayeigizwa na Taapsee Pannu, ambaye anaonekana kwa muda mfupi, anapigana pigano moja la kukumbukwa hotelini, kisha filamu inaendelea bila yeye. Mwaka 2017 ikatoka Naam Shabana, na sasa Shabana ndiye tunayemfuata: maisha yake ya ujana, jinsi alivyoumizwa, na jinsi alivyoingizwa katika kazi ile. Akshay Kumar yumo, lakini safari hii yeye ndiye wa pembeni.

Alama ya tawi ni huko kubadilishana nafasi, kwa sababu aliyekuwa katikati amesogea kando na aliyekuwa kando amekaa katikati, huku ulimwengu ukibaki uleule. Katika mwendelezo wa kawaida mwenye hadithi habadiliki.

Mfano huu unafundisha jambo la ziada kuhusu wakati. Naam Shabana ilitoka miaka miwili baada ya Baby, lakini mambo yake yanatokea kabla ya Baby. Kwa hiyo swali la hatua ya pili lisiulizwe kwa kufuata mwaka wa kutoka peke yake, kwa maana filamu mpya haiwezi kukumbuka jambo ambalo kwa wahusika wake bado halijatokea. Ukiona mhusika unayemjua akiwa kijana zaidi, hajui kazi ambayo kwingineko ulimwona akiimudu, usikimbilie kusema kwamba ni toleo jipya. Uliza kwanza kama unaonyeshwa yaliyotangulia.

Hatua ya tano: kama kuna kitabu, kitafute kabla ya kutoa hukumu

Filamu mbili zinaposimulia hadithi moja, watu husema ya pili imeigiza ya kwanza. Huenda si kweli, kwa kuwa huenda zote mbili zimetoka katika kitabu kimoja, kila moja kwa njia yake. Devdas ni riwaya ya Kibengali ya Sarat Chandra Chattopadhyay iliyochapishwa mwaka 1917, na imepigwa filamu mara nyingi tangu miaka ya 1920. Zinazojulikana zaidi ni ile ya mwaka 1955 ya Bimal Roy, ambayo Dilip Kumar ndiye Devdas, na ile ya mwaka 2002 ya Sanjay Leela Bhansali, ambayo Devdas ni Shah Rukh Khan. Je, ya 2002 ni toleo jipya la ya 1955?

Njia ya kulijibu swali hilo ni kutazama vile ambavyo filamu ya kwanza ilivibuni yenyewe, ambavyo havimo kitabuni. Filamu ya pili ikiwa navyo, basi imechota kwenye filamu, na ni haki kuiita toleo jipya. Ikiwa haina, na badala yake ina mabadiliko yake mwenyewe, basi imekirudia kitabu. Katika filamu ya Bhansali, Devdas anarudi kutoka London, ilhali katika riwaya alipelekwa Kalkuta tu. Tena Paro, mpenzi wake wa utotoni, na Chandramukhi, mwanamke wa kasri la ngoma, wanakutana na kucheza pamoja wimbo wa Dola Re Dola, wakati katika filamu ya Bimal Roy wanawake hao wanapishana tu njiani bila kusema neno. Bhansali hakumfuata Bimal Roy, bali kila mmoja alikisoma kitabu na kukipinda anakotaka. Hizo ni filamu mbili zilizotokana na kitabu kimoja. Ninakiri kwamba mpaka huu si ukuta wa mawe, kwa kuwa hakuna mwongozaji wa India anayeweza kupiga Devdas huku amesahau zote zilizotangulia.

Kwa msomaji wa Kiswahili mfano wa karibu zaidi ni Vuta N'kuvute. Aliyesoma riwaya ya Adam Shafi akikutana na filamu ya Amil Shivji ya mwaka 2021 yenye jina hilo atawatambua Yasmin na Denge na Zanzibar ya enzi za ukoloni, na hatakuwa na shaka kwamba filamu imetoka kitabuni. Mkanganyiko huja pale filamu hiyo inapoonyeshwa ng'ambo kwa jina la Tug of War, ambalo filamu nyingine nazo zimelibeba. Anayetafuta kwa jina hilo la Kiingereza na aongeze mwaka na jina la mwongozaji, kama tulivyosema katika hatua ya kwanza.

Hatua ya sita: soma maandishi ya skrini na ukurasa wa filamu

Majina yanayopita mwanzoni au mwishoni mwa filamu hayako pale kwa mapambo, kwa kuwa mengi yamewekwa kwa sababu ya haki za watunzi. Hata asiyejua Kiingereza sana anaweza kujifunza kuyatambua maneno machache. Ukiona `Based on the novel by`, filamu imetoka katika riwaya ya mtu anayetajwa hapo. Ukiona `Based on characters created by`, maana yake wahusika wameazimwa lakini hadithi ni mpya, na hiyo huwa ni dalili ya mwendelezo au tawi. Maneno `Inspired by` ni mepesi zaidi, na hayakuahidi kwamba utakutana na hadithi uliyoisoma.

Ukiwa na mtandao, fungua ukurasa wa filamu katika tovuti ya IMDb na uteremke mpaka sehemu iitwayo `Connections`. Neno `Follows` linataja filamu inayoendelezwa, na `Followed by` linataja inayofuata. `Remake of` ni toleo jipya la filamu inayotajwa, na `Remade as` ni kinyume chake. `Spin-off from` ni tawi. `Version of` hutumika pale filamu kadhaa zinaposhiriki chimbuko moja, kama hizo za Devdas. Neno la kujihadhari nalo ni `References`, ambalo orodha yake huweza kuwa ndefu sana na ambalo halina udugu wowote ndani yake: linasema tu kwamba katika filamu hii mtu ameitaja ile, au bango la ile limeonekana ukutani. Kumbuka pia kwamba orodha hizo hujazwa na watu wa kawaida, kwa hiyo zikipingana na kile unachokiona kwenye skrini, amini macho yako.

Kuzipanga katika flashi

Nimalizie kwa familia ya Billa, ambayo ni jamaa wa mbali wa ukoo wa Don na ambayo inazitumia karibu hatua zote. Billa ya Kitamil ya mwaka 1980, ya Rajinikanth, ni toleo jipya la Don ya 1978, ingawa jina limebadilika. Billa ya Kitamil ya mwaka 2007, ya Ajith Kumar, ni toleo jipya la hiyo ya 1980. Billa ya mwaka 2009, ya Prabhas, ni ya Kitelugu, na inaisimulia tena hadithi hiyohiyo. Kisha mwaka 2012 ikatoka Billa II, ambayo Ajith anarudi ndani yake, na yeyote angeitarajia iendeleze ya 2007. Haiendelezi. Inarudi nyuma kueleza jinsi David Billa alivyopanda kutoka ukimbizi mpaka ukubwa wa genge, kabla ya yote tuliyoyaona.

Kwa hiyo ukiwekewa faili hizi, zibadilishe majina mara moja, mwaka ukitangulia, kwa mfano `1978 Don Hindi`, `2006 Don Hindi`, `2007 Billa Tamil`, ili kompyuta au televisheni izipange yenyewe kwa kufuata mwaka wa kutoka. Don 2 itakaa chini ya Don ya 2006, mahali pake. Billa II itakaa baada ya Billa ya 2007, nami ningeiacha hapohapo ingawa hadithi yake inatangulia, kwa sababu ilitengenezwa kwa ajili ya mtu anayekwisha kumjua Billa ni nani. Shangazi yangu hakubaliani nami katika hilo, yeye hutaka mtu azaliwe kwanza ndipo aonekane mtu mzima, na katika flashi yake ameiandika upya kwa mkono wake: `2006 Billa II`.